Kufupisha Kifungu Chenye Rai Zinazopingana: Mfano wa Maji ya Ndiva Milimani Upare

Utangulizi

Katika vitabu na majarida ya sayansi mna aina moja ya kifungu ambayo huwatatiza wanafunzi kuliko nyingine zote. Mwandishi wake haanzi kwa kutoa maoni yake mwenyewe. Huanza kwa kueleza rai ya kundi la kwanza, kisha rai ya kundi la pili lipingalo la kwanza, na mwishoni tu ndipo hutamka lake. Mpango huo ni wa haki, kwa sababu humpa msomaji nafasi ya kusikia pande zote kabla ya hukumu. Lakini mwanafunzi aambiwapo akifupishe kifungu cha namna hiyo kwa maneno mia moja, aghalabu huleta muhtasari ambao ndani yake mwandishi ametwishwa maneno aliyokuwa akiyapinga.

Kosa hili halitokani na uvivu wala na uchache wa msamiati. Mwanafunzi aweza kujua maana ya kila neno na bado akakosea, kwa kuwa swali analojiuliza ni moja tu: "Kimesemwa nini?" Kifungu chenye rai zinazopingana hudai swali la pili: "Ni nani asemaye?" Makala haya yanaonyesha jinsi swali hilo la pili linavyojibiwa, sentensi kwa sentensi, kwa kutumia kifungu kimoja kuhusu maji ya kumwagilia katika Wilaya ya Same.

Ndiva na ubishi wake

Kabla ya kukisoma kifungu chenyewe, yafaa kueleza kwa ufupi jambo linalozungumzwa. Milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake kirefu ni Shengena chenye mita 2,462, hupata mvua nyingi kuliko tambarare iliyo chini yake. Mji wa Same na vijiji vya bondeni, Makanya kikiwa kimojawapo, vimo katika ukame. Huko wakulima hutegemea sana maji ya mafuriko yanayoshuka kutoka milimani. Tofauti hii ya mvua katika umbali mfupi ndiyo iliyowafanya Wapare, tangu zamani, wayaongoze maji ya vijito kwa mifereji hadi mashambani.

Kijito kidogo cha mlimani huwa na maji yasiyoweza kufika mbali. Mtu akiyafungulia yaende shambani moja kwa moja, huishia njiani. Kwa hiyo wakulima huchimba bwawa dogo, liitwalo ndiva kwa Kipare, na kuyakinga maji humo usiku kucha. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji yaliyokusanyika hushuka kwa wingi na kwa nguvu. Hesabu yake ni nyepesi. Kijito chenye mtiririko wa lita 10 kwa sekunde, kikikingwa kwa saa 12, hujaza lita 432,000, yaani mita za ujazo 432. Maji hayo hugawiwa kwa zamu.

Tatizo ni njia ya kutoka kwenye ndiva hadi shambani. Mifereji mingi ni ya udongo, na udongo hunywa maji. Je, isakafiwe kwa saruji? Juu ya swali hilo pana rai zaidi ya moja, na kila rai ina watu wenye sababu zao. Anayefupisha maandishi ya namna hii na kuzichanganya rai hizo hakosi alama za mtihani tu. Muhtasari wake ukisomwa katika mkutano wa kamati ya maji, kijiji chaweza kutumia fedha zake chache kununua saruji ya mahali pasipohitaji, kikiamini kwamba ndivyo mtaalamu alivyoshauri.

Kifungu

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya somo hili. Sentensi zimepewa namba ili ziweze kurejewa kwa urahisi.

(1) Katika miteremko ya Upare ya Kusini wakulima hukinga maji ya vijito usiku ndani ya ndiva, na asubuhi huyafungulia yateremke mashambani kwa mifereji ya udongo. (2) Swali linalozuka kila ukame uingiapo ni hili: je, mifereji hiyo isakafiwe kwa saruji?

(3) Baadhi ya wataalamu wa umwagiliaji hujibu kwamba isakafiwe yote. (4) Mfereji wa udongo hunywa sehemu kubwa ya maji kabla hayajafika shambani. (5) Maji yanayozama njiani ni hasara tupu. (6) Mkulima aliye mwisho wa mfereji huambulia matope wakati jirani yake wa juu amekwisha kumwagilia. (7) Kwa hiyo kila fedha inayopatikana itumike kununua saruji.

(8) Baadhi ya wazee wa vijiji vya juu hawaikubali hoja hiyo. (9) Wanasema kwamba maji yanayozama hayapotei, bali hutokeza tena chini katika chemchemi na vijito. (10) Migomba na miti iliyo kandokando ya mfereji huishi kwa maji hayo hayo. (11) Mfereji ukisakafiwa, chemchemi za bondeni zitakauka. (12) Kwa hiyo mifereji iachwe kama ilivyorithiwa.

(13) Ni kweli kwamba mfereji wa udongo hunywa maji mengi, na mtu akipima mtiririko mwanzoni na mwishoni mwa mfereji ataiona tofauti waziwazi. (14) Lakini kipimo hicho huonyesha tu kiasi cha maji kilichotoka katika mfereji. Hakionyeshi kimekwenda wapi. (15) Mahali penye mwamba usiopitisha maji karibu chini ya udongo, maji yaliyozama huweza kutokeza tena mteremkoni, na mkulima wa chini akayatumia mara ya pili. (16) Katika tambarare yenye udongo mkavu wa kina kirefu, isiyo na kijito cha kuyapokea, maji yaliyozama hayamrudii mkulima yeyote. (17) Yafaa basi, kabla ya kununua saruji, kuchunguza mfereji sehemu moja moja, kusakafia zile ambazo maji yake hayarudi, na kuziacha zile ambazo maji yake hutokeza tena. (18) Huenda katika mifereji fulani sehemu za kusakafia zikawa chache kuliko wataalamu wanavyodhani, na nyingi kuliko wazee wanavyopenda.

Muhtasari wenye makosa

Ufuatao ni muhtasari wa namna ambayo walimu huiona mara nyingi wanaposahihisha:

"Mwandishi anaeleza kwamba mifereji ya ndiva hupoteza maji mengi na kwamba maji yanayozama njiani ni hasara tupu. Wanasema mfereji ukisakafiwa chemchemi zitakauka. Pia wanaongeza kwamba mkulima wa mwisho huambulia matope. Mwandishi anakubali kwamba mfereji wa udongo hunywa maji mengi, kwa hiyo anapendekeza usakafiwe. Sehemu za kusakafia ni chache."

Msomaji atazame kwa makini. Karibu kila neno la muhtasari huu limo katika kifungu. Mwalimu anayesahihisha kwa kutafuta maneno makuu, kama "hasara", "chemchemi" na "matope", atayakuta yote na pengine atatoa alama nzuri. Hata hivyo muhtasari ni wa uongo, kwa sababu maneno ni yale yale lakini wenye maneno wamebadilishwa. Makosa yake ni manne, nayo yafaa kuelezwa moja moja.

Kosa la kwanza: sentensi isiyo na jina la msemaji

Sentensi ya 3 yataja wasemaji waziwazi: "Baadhi ya wataalamu wa umwagiliaji hujibu". Lakini sentensi za 4, 5, 6 na 7 hazina "hujibu" wala "husema". Zimeandikwa kama kwamba ni ukweli usio na mwenyewe. Mwanafunzi anapoikuta sentensi ya 5 ikiwa peke yake hudhani kwamba ni mwandishi asemaye, na hivyo huandika: "Mwandishi anaeleza kwamba maji yanayozama ni hasara tupu."

Kanuni ya kusoma ni kwamba msemaji akishatajwa mwanzoni mwa aya hubaki na kauli mpaka dalili nyingine itokee ya kumnyang'anya. Mwandishi hawezi kurudia "wataalamu husema" katika kila sentensi, maana angechosha. Huwaachia wasemaji wake nafasi, nao huzungumza mpaka aya inakwisha. Ndiyo kusema kwamba sentensi ya 5 ni ya wataalamu kama ilivyo ya 3, na sentensi za 10, 11 na 12 ni za wazee kama ilivyo ya 9.

Dalili za kubadilika kwa msemaji ni za namna tatu. Ya kwanza ni jina jipya la kundi, kama katika sentensi ya 8. Ya pili ni maneno ya kugeuza njia: lakini, hata hivyo, walakini, kinyume chake. Ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote, ni mwandishi kuingia mwenyewe bila kujitaja, kama afanyavyo katika sentensi ya 13. Hapo hapana "mimi" wala "kwa maoni yetu", ila msomaji huona kwamba anayezungumza sasa anazipima hoja za pande zote mbili. Wataalamu wa sentensi ya 3 wasingesema sentensi ya 14, na wazee wa sentensi ya 8 wasingesema ya 16. Aliyebaki ni mwandishi.

Kosa la pili: kiambishi kisicho na mwenyewe

"Wanasema mfereji ukisakafiwa chemchemi zitakauka. Pia wanaongeza kwamba mkulima wa mwisho huambulia matope." Ni akina nani hao? Katika sentensi ya kwanza ni wazee. Katika ya pili ni wataalamu. Anayesoma muhtasari bila kuwa na kifungu atadhani kwamba ni watu wale wale, na tena kwamba hoja ya pili yaitilia nguvu ya kwanza, ilhali zapingana.

Kosa hili latokana na jambo lililomo katika umbo la Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha mtenda ndani yake, na sentensi hukamilika bila nomino. Katika hadithi jambo hilo ni raha, maana msikilizaji hujua nani anatenda. Lakini panapo makundi mawili ya watu, yote mawili ni ya ngeli moja na yote huchukua wa-. Hali kadhalika wakiwa ni wanachuoni wawili wanaobishana, wote wawili huchukua a-. Kiambishi hakimtenganishi huyu na yule.

Dawa yake ni nyepesi ingawa huongeza maneno machache. Katika muhtasari wa rai zinazopingana, kila kitenzi cha kusema kiwe na nomino yake: "wataalamu hushikilia", "wazee hujibu", "mwandishi anahitimisha". Kama jina la kundi ni refu, lifupishwe mara ya kwanza na kutumiwa hivyo hivyo mpaka mwisho. Si vema kuwaita "wataalamu" katika mstari mmoja na "wasomi" katika mstari mwingine kwa kutafuta urembo wa lugha, kwa sababu msomaji atadhani kwamba kundi la tatu limeingia.

Kosa la tatu: kukubali jambo si kukubali hoja

Hili ndilo kosa kubwa. Sentensi ya 13 yaanza: "Ni kweli kwamba mfereji wa udongo hunywa maji mengi." Mwanafunzi akiona "ni kweli" huamini kwamba mwandishi amejiunga na wataalamu, kisha humtungia hitimisho: "kwa hiyo anapendekeza usakafiwe". Lakini mwandishi hakulisema hilo popote.

Maneno kama "ni kweli kwamba", "hapana ubishi kwamba" na "ingawa" mara nyingi hutangulia mgeuko. Mwandishi humpa mpinzani wake haki yake, kisha huonyesha kwamba haki hiyo haitoshi kumfikisha anakotaka. Kwa hiyo sentensi ya namna hiyo haifai kufupishwa peke yake. Ifupishwe pamoja na "lakini" yake.

Mfano mashuhuri wa kosa hili uko katika historia ya sayansi. Charles Darwin, katika kitabu chake cha asili ya viumbe kilichotolewa mwaka 1859, alikiri kwamba wazo la jicho kutokea kwa uteuzi wa maumbile laonekana kwa mtazamo wa kwanza kuwa jambo lisiloaminika kabisa. Mara tu baada ya kukiri hivyo alieleza jinsi linavyoweza kutokea hatua kwa hatua, kuanzia jicho duni la kuhisi nuru tu. Wapo watu ambao wamelinukuu ungamo hilo na kuacha maelezo yanayolifuata, na hivyo kumfanya Darwin ashuhudie dhidi ya Darwin.

Ili kuona tofauti ya jambo na hoja katika kifungu cha ndiva, na tuchukue tarakimu za kubuni. Tuseme mfereji umepimwa ukakutwa na lita 10 kwa sekunde mwanzoni na lita 6 mwishoni. Lita 4 zimetoka njiani. Tarakimu hiyo haibishaniwi na mtu. Wataalamu wa kifungu huisoma hivi: lita 4 ni hasara. Wazee huisoma hivi: lita 4 ni riziki ya walio chini. Mwandishi naye huisoma hivi: lita 4 hazijulikani zilipo mpaka zitafutwe. Ikiwa lita 3 kati ya hizo zatokeza tena katika kijito cha chini, kinachopotea kwa bonde zima ni lita 1 tu, na kusakafia hapo kungemwongezea maji mkulima wa mfereji kwa kumpunguzia mkulima wa bondeni. Ikiwa hakuna hata lita moja inayotokeza, hasara ni lita zote 4, na saruji ni halali. Kwa hiyo mwandishi huwakubalia wataalamu kipimo chao, yaani sentensi ya 4, lakini hawakubalii tafsiri yao, yaani sentensi ya 5, wala shauri lao, yaani sentensi ya 7.

Wazee nao wametendewa vivyo hivyo. Sentensi ya 9 imekubaliwa kwa sharti la mwamba ulio karibu, kama isemavyo sentensi ya 15. Sentensi ya 12 imekataliwa. Sentensi ya 11 imekubaliwa nusu: itakuwa kweli mahali fulani, haitakuwa kweli kila mahali. Na sentensi za 6 na 10, yaani matope na migomba, mwandishi hakuzigusa kabisa. Juu ya hizo mwanafunzi asiandike kwamba mwandishi anakubali wala kwamba anapinga. Kimya cha mwandishi kibaki kimya katika muhtasari pia.

Kosa la nne: kuondoa kipimo cha uhakika

Sentensi ya 18 yaanza na "huenda", yaongeza "katika mifereji fulani", kisha yapima pande mbili: chache kuliko wadhanivyo hawa, nyingi kuliko wapendavyo wale. Muhtasari mbaya umeyatupa yote hayo na kubakiza "sehemu za kusakafia ni chache". Mwandishi aliyekuwa akisitasita sasa anakata shauri, na aliyekuwa katikati sasa yuko upande wa wazee.

Anayefupisha hutafuta maneno ya kuacha, na maneno madogo kama huenda, pengine, aghalabu na baadhi huonekana kuwa ya kuachwa kwanza. Kumbe ndiyo yanayobeba uzito wa kauli. Bora kuacha mfano mzima kuliko kuacha "huenda" moja.

Upande wa pili wa kosa hili ni uchaguzi wa vitenzi. "Anadai" hutia shaka. "Anathibitisha" huondoa shaka. "Anasema" na "anaeleza" husimama katikati. Mwanafunzi akiandika kwamba wataalamu "wamethibitisha" hasara, amewaunga mkono. Akiandika kwamba wazee "eti" husema maji hutokeza tena, amewadharau, maana "eti" ni neno la kutoamini. Ikiwa mwandishi hakuwadharau, na kwa kweli katika kifungu hiki amewapa nusu ya haki, muhtasari nao usiwadharau.

Kazi yenyewe hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kusoma mpaka mwisho bila kalamu na kutafuta mahali mwandishi anapoanza kusema lake. Katika kifungu hiki ni sentensi ya 13. Uchache wa sentensi usimdanganye mtu: sentensi kumi ni za wataalamu na wazee, na sita tu ndizo zenye maoni ya mwandishi, lakini katika muhtasari hizo sita ndizo mzigo mkuu.

Hatua ya pili ni kuandika pembeni mwa kila sentensi herufi moja ya mwenye kauli. Kwa kifungu hiki itakuwa hivi:

Sentensi 1–2: M (mwandishi, anaeleza hali na kuuliza swali)
Sentensi 3–7: T (wataalamu)
Sentensi 8–12: Z (wazee)
Sentensi 13: M, akikubali jambo la T
Sentensi 14: M, akiipinga tafsiri ya T
Sentensi 15: M, akikubali jambo la Z kwa sharti
Sentensi 16: M, akionyesha mpaka wa hoja ya Z
Sentensi 17: M, shauri lake
Sentensi 18: M, makadirio yake, bila uhakika

Sentensi ikikosa herufi, au ikifaa herufi mbili, hapo ndipo pa kurudia kusoma.

Hatua ya tatu ni kuandika sentensi moja kwa kila herufi, bila kutazama kifungu: T wanataka nini na kwa sababu gani, Z wanataka nini na kwa sababu gani, M anataka nini, amechukua nini kwa T, amechukua nini kwa Z. Hatua ya nne ni kuziunganisha sentensi hizo kwa viungo vinavyoonyesha ubishi. Kiungo "pia" hakifai kati ya T na Z, kwa sababu hujumlisha. Kifaacho ni "kinyume chao" au "lakini".

Matokeo yake yaweza kuwa haya:

"Mwandishi anauliza kama mifereji ya udongo ya ndiva za Upare ya Kusini isakafiwe kwa saruji. Baadhi ya wataalamu hutaka isakafiwe yote, kwa kuwa wao huhesabu maji yanayozama njiani kuwa hasara. Kinyume chao, baadhi ya wazee hutaka iachwe, wakisema kwamba maji hayo hutokeza tena katika chemchemi. Mwandishi anawakubalia wataalamu kwamba mifereji hunywa maji mengi, lakini anaonyesha kwamba kipimo hicho hakielezi maji yaendako: penye mwamba wa karibu huweza kutokeza tena, katika tambarare kavu ya udongo wa kina hayarudi. Kwa hiyo anashauri kuchunguza kila sehemu na kusakafia zile tu ambazo maji yake hayarudi. Huenda, kwa maoni yake, katika mifereji fulani zisifikie wingi wanaodhani wataalamu, wala zisiwe chache kama wapendavyo wazee."

Hatua ya tano ni jaribio. Muhtasari apewe mwenzake mwanafunzi ambaye hajasoma kifungu, naye aulizwe maswali matatu: nani anataka saruji kila mahali? Nani haitaki kabisa? Mwandishi yuko wapi? Akijibu yote matatu bila kusitasita, kazi imekamilika. Akisita katika mojawapo, tatizo limo katika muhtasari.

Mahali njia hii inapokwama

Si kila kifungu kimepangwa kwa unyoofu kama hiki. Wako waandishi wanaotia shaka zao ndani ya aya ya mpinzani, kwa mabano au kwa neno moja kama "ati". Sentensi ya namna hiyo ina wenye kauli wawili, na yapasa kupewa herufi mbili: jambo ni la T, shaka ni ya M. Wako pia wasiohukumu kabisa, ambao hueleza pande zote kisha huacha swali wazi. Kwa hao mwanafunzi asitunge hitimisho kwa kuona upande gani umepewa mistari mingi. Sentensi sahihi ni hii: "Mwandishi hakutoa hukumu."

Tena, kifungu chaweza kuwa na utata usiotatulika, hata msomaji hodari asijue sentensi fulani ni ya nani. Katika hali hiyo ni afadhali kuiacha sentensi hiyo nje ya muhtasari kuliko kumpa mtu asiye wake.

Zoezi

Soma kifungu kifuatacho, kisha ujibu maswali.

(1) Wapo wasemao kwamba mahindi yasilimwe kabisa katika tambarare za Same, bali ulimwe mtama. (2) Mvua ya huko haitoshi kukomaza mahindi. (3) Wengine hujibu kwamba mtama husumbuliwa mno na ndege. (4) Mlinzi hukesha shambani majuma mengi kwa mavuno madogo. (5) Kwamba mvua peke yake haitoshi katika miaka mingi ni jambo lisilo na ubishi. (6) Walakini shamba linalopokea maji ya mafuriko kutoka mlimani laweza kukomaza mahindi mahali ambapo mvua peke yake isingetosha. (7) Kwa hiyo lichunguzwe kwanza shamba, ndipo lichaguliwe zao.

1. Sentensi ya 2 ni ya nani? Toa sababu.
2. Je, katika sentensi ya 5 mwandishi amekubali kwamba mahindi yasilimwe?
3. Mwandishi ana maoni gani juu ya ndege?
4. Fupisha kifungu kwa maneno yasiyozidi 50.

Majibu: (1) Ni ya kundi la kwanza; halijatajwa kundi jingine tangu sentensi ya 1. (2) La, amekubali jambo la mvua tu, na "walakini" ya sentensi ya 6 yaonyesha kwamba halikubali shauri la kundi hilo. (3) Hakusema. (4) Majibu yatatofautiana, lakini kila jibu litenganishe wenye kauli watatu, na shauri la kuchunguza shamba kwanza lipewe mwandishi peke yake.